Kifua Kilichogoma na Kilo 40 za Benchi

Kwa miaka miwili nililala chali kwenye benchi la jimu yetu ya mtaani, Mwanga hapa Kigoma, nikisukuma chuma kutoka kifuani kwenda juu. Mikono ikanenepa, kifua kikabaki kile kile nilichoingia nacho. Kila seti ikiisha, kilichowaka moto ni nyuma ya mkono, ile trisepsi. Kaka mmoja aliyetutangulia kwenye vyuma alinitazama siku moja akasema, "Dogo, punguza huo mzigo, halafu weka akili kwenye kifua." Nilidhani ananitania.

Kumbe jambo hilo limepimwa maabara. Kipimo chake ni elektromiografia: vibandiko hugandishwa kwenye ngozi juu ya msuli, vikanasa umeme mdogo unaotokea msuli unapoamrishwa kujikaza. Mwaka 2016 Calatayud na wenzake waliwapima hivyo wanaume 18 wazoefu wa vyuma, wakiwa kwenye benchi. Waliinua kwanza kawaida, kisha wakiwaza kifua tu, kisha wakiwaza trisepsi tu, kwa mizigo ya asilimia 20, 40, 50, 60 na 80 ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja.

Kuanzia asilimia 20 hadi 60, msuli uliowazwa ulitoa umeme zaidi. Kwenye asilimia 80, kuwaza hakukubadilisha kitu. Nadhani sababu si ngumu kuielewa: mzigo ukiwa mzito hivyo, mwili umeshaita kila msuli unaoweza kusaidia, na wewe huna cha kuchagua.

Lakini lililonishangaza ni lingine. Mimi nilitaka kuizima trisepsi ili kifua kifanye kazi, ila kwa wale watu msuli mmoja ulipoongeza kazi, mwenzake hakupunguza. Tena walipowaza trisepsi kwenye asilimia 50 na 60, kifua nacho kilipanda. Kwa hiyo acha kuhangaika kuulaza mkono. Unachoweza ni kukiongezea kifua kazi.

Nikaanza na hesabu. Vyuma vyetu vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na tulipoyapeleka kwenye mizani ya duka la nafaka, kopo tuliloliita kilo 10 likasoma 8 na nusu! Baada ya kupima upya nilijua kwamba nainua kilo 65 mara 7, ya nane haipandi. Kukadiria uzito wa juu, zidisha mzigo kwa idadi ya mara, gawanya kwa 30, kisha jumlisha na mzigo wenyewe. Yangu ilitoka 15 na kidogo, ukijumlisha na 65 unapata kama kilo 80. Asilimia 60 ya hapo ni 48, asilimia 50 ni 40. Miaka yote miwili nilikuwa naning'inia kwenye asilimia 80, mahali ambapo akili haina nafasi.

Nikashuka hadi 40. Aibu ilikuwepo, maana vijana wa shule walikuwa wanapiga zaidi ya hapo. Nilivuta mabega nyuma na chini, nikashusha chuma taratibu. Wakati wa kusukuma nilifanya kama navuta viganja vikutane, ingawa havisogei kwenye chuma, kwa sababu kazi ya kifua ni kuuleta mkono wa juu mbele ya mwili. Mwenzangu aliniwekea vidole juu ya kifua ili nijue nikaze wapi. Ukiona mabega yanapanda kuelekea masikioni, au chuma hakifiki tena chini, hapo unajidanganya: umebadilisha zoezi, hujahamisha akili.

Sasa, umeme mwingi si lazima uwe nyama nyingi. Vibandiko hunasa hata kelele za misuli jirani, na vinaeleza kilichotokea dakika ile tu. Mwaka 2018 Schoenfeld na wenzake walikwenda mbali zaidi: wiki 8, vijana ambao hawakuwa wazoefu, kundi moja likiwaza msuli na jingine likiwaza kuusogeza mzigo tu. Unene wa misuli ya mbele ya mkono uliongezeka asilimia 12.4 kwa waliowaza msuli, 6.9 kwa wenzao. Kwenye mapaja tofauti haikuonekana wazi. Kifua hawakukipima, kwa hiyo hicho changu nakisimulia kama changu.

Siku za mzigo mzito, kuanzia kilo 60 kwenda juu, mambo yote hayo nayaacha. Natazama dari na kuwaza kukisukuma chuma kiende huko, kwa sababu tafiti za nguvu zimeonyesha kuwa anayewaza nje ya mwili wake husukuma kwa nguvu zaidi huku misuli ikitoa umeme mdogo. Kilo 40 nimezipangia Alhamisi, seti 3 za mara 12, na siku hizi kinachochoka kwanza ni kifua.