Mdogo wangu ananibebea mtoto: karatasi ziandikwe jina la nani?

*Shangazi, shikamoo. Naishi Migosi, Kisumu, nina miaka 37. Miaka 4 iliyopita nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, ila mayai yangu yako sawa. Mdogo wangu, aliyeolewa Butere, alikubali kunibebea mimba. Yai ni langu, mbegu ni za mume wangu, daktari wa Nairobi akapandikiza, na sasa ni miezi 7. Tumepanga aende kujifungua akitumia jina langu na kitambulisho changu, maana tunafanana sana, ili karatasi za mtoto zitoke na jina langu moja kwa moja. Mume wake anafanya kazi Mombasa. Alikubali kwa simu tu. Sasa mama mkwe wake ameanza kuwaambia watu "mjukuu wetu yuko njiani". Mpango wetu una ubaya gani? Na huyo bibi ana haki yoyote?*
*Nasubiri, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Kitambulisho chako kibaki kwenye mkoba wako. Huo mpango uacheni leo, na nitakwambia kwa nini kabla sijafika kwa huyo bibi.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa karani wa wodi ya wazazi, hospitali nisiyoitaja. Mama akishajifungua, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nesi huja na notifikesheni ya kuzaliwa. Karatasi yenyewe ni ndogo, lakini cheti cha kuzaliwa hutokana nayo: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama na nambari ya kitambulisho chake, jina la baba. Mwanamke mmoja alijifungua kwa jina la dada yake, kama mnavyotaka ninyi. Usiku akavuja damu nyingi. Faili la kliniki lilikuwa la dada, na kundi la damu lililoandikwa humo lilikuwa la dada. Bahati nzuri maabara hupima upya kabla ya kumwongeza mtu damu, na hapo ndipo siri ilipofumuka, saa nane usiku, huku mama wa watu anatetemeka kitandani. Na faili lako wewe lina jambo baya zaidi. Limeandikwa kwamba huna kizazi. Daktari atakayelifungua atajiuliza mtoto ametokea wapi.

Hayo ni ya hospitali. Kwa upande wa sheria, kutoa maelezo ya uongo ili yaingie kwenye rejista ya vizazi ni kosa la jinai, na mtashtakiwa wewe na mdogo wako. Cheti kilichopatikana kwa njia hiyo nacho hakitakulinda. Siku mtakapokosana, au siku shemeji zako watakapotaka kumnyima mtoto shamba, mtu mmoja tu anayejua kisa akisimama mahakamani na kusema yule hakuzaliwa na huyu, cheti kitageuka ushahidi dhidi yako.

Sasa sikiliza sheria inavyosema, na pale inaponyamaza. Kenya imekaa miaka mingi bila sheria inayosema ni nani mzazi wa mtoto aliyebebwa na mwanamke mwingine. Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North huko kwetu ziwani, amekuwa akipeleka miswada ya uzazi wa kusaidiwa bungeni tangu 2014. Siku utakapomwona wakili, jambo la kwanza kumuuliza liwe hilo: mswada umefika wapi, na kama umeshatiwa saini na kuanza kutumika. Mswada ambao haujawa sheria hauwezi kukusaidia mbele ya msajili.

Kukiwa hakuna sheria mahsusi, msajili na nesi hufuata ile ya zamani, na kwa hiyo mama ni yule aliyezaa. Kwenye notifikesheni mama atakuwa mdogo wako. Najua itakuuma kuliona jina lake hapo. Liache liandikwe, kwa sababu ndilo la kweli, na yote mtakayofanya baadaye yatasimama juu ya ukweli huo.

Kwa baba ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapo ndipo yule bibi anapoingia. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118, inasema mtoto akizaliwa wakati mama yake yuko ndani ya ndoa halali, huo ni uthibitisho kamili kwamba ni mtoto wa mume huyo, ila tu ikionyeshwa kwamba mume na mke hawakuweza kukutana wakati mtoto alipotungwa. Kifungu hicho kiliandikwa kabla mtu yeyote hapa kwetu hajawaza kwamba mimba yaweza kutungwa kwenye chombo cha maabara. Kwa hiyo kwa sheria shemeji yako wa Butere ndiye anayedhaniwa kuwa baba, hata kama mbegu si zake. Ukiongeza na mila zetu, kwamba mtoto ni wa mwenye ng'ombe zilizotolewa, utaelewa kwamba bibi hasemi upuuzi. Yeye mwenyewe hana haki juu ya mtoto. Mwanawe, kwa sasa, anaweza kuidai.

Ndiyo maana ule ukubali wa kwenye simu hautoshi. Shemeji yako aandike kiapo mbele ya wakili, kabla ya mtoto kuzaliwa. Aseme alijua mapema kwamba mkewe atabeba mimba yenu, na kwamba mbegu si zake. Aseme alikuwa wapi tarehe za upandikizaji, na kwamba hamdai mtoto. Kama alikuwa Mombasa wiki hizo, kazini kwake watakuwa na rekodi ya zamu au ya likizo, aambatanishe. Mdogo wako naye aape kivyake. Kutoka kwa daktari wa Nairobi chukueni barua yenye tarehe ya kutoa mayai, tarehe ya kupandikiza na majina ya wenye yai na mbegu. Kliniki hukaa na rekodi hizi, lakini kliniki hufungwa na madaktari huhama. Zichukueni sasa.

Mkiwa na karatasi hizo mkononi, mna njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Mahakama Kuu, hapo Kisumu au Kakamega, kabla ya kujifungua, mkiomba itamke kwamba ninyi ndio wazazi na imwelekeze msajili. Mahakama imewahi kuingilia mambo haya. Mwaka 2014 Jaji Majanja aliamua kesi ya mwanamke aliyewabebea watu mapacha jijini Nairobi. Hospitali haikujua iandike nani kuwa mama, ikamwita Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, naye akawachukua watoto na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Jaji alisema Mkurugenzi alikosea kuwachukua, kwani watoto hawakuwa wametelekezwa; walikuwa na watu watatu waliowataka. Lakini pia alionyesha wazi kwamba kazi ya kutunga sheria ni ya Bunge. Kwa hiyo njia hii ipo, ila inategemea jaji, na hakuna wakili mkweli atakayekuahidi matokeo.

Ya pili ndiyo wengi huishia nayo: kumuasili mtoto wako mwenyewe. Ndiyo, inaudhi. Yai lako, damu yako, halafu unaomba kibali kama mgeni. Lakini mwisho wake ni imara. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 mpango wa kuasili hauwezi kuanza mtoto akiwa chini ya wiki 6, kwa hiyo karatasi yoyote ya "nimemtoa" ambayo mdogo wako ataitia saini wodini haina uzito. Subirini. Kwa kuwa wewe ni mama mkubwa wa mtoto, sheria hiyo inatambua kuasili ndani ya ukoo. Kwanza mtoto hutangazwa kuwa huru kuasiliwa, kisha ombi linakwenda Mahakama Kuu, na mahakama inamteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto na kuleta ripoti. Ridhaa ya mdogo wako itatakiwa, na ya mumewe pia, kwa sababu ya kile kifungu cha 118. Hapo ndipo kiapo chake cha mapema kitakapowaokoa. Amri ikitoka, mtoto anakuwa wako kana kwamba ulimzaa, na anakurithi.

DNA? Pimeni, kwa njia ya wakili ili sampuli zikubalike mahakamani. Itaonyesha kwamba wewe na mume wako ndio chanzo cha mtoto, na huo ni ushahidi mzito. Ila hakuna kifungu kinachosema damu inamshinda aliyezaa. (Na wasomaji wangu waliotumia yai la mfadhili wasikimbilie kipimo. Kitawaambia tu kwamba mama si mama.)

Kati ya siku ya kuzaliwa na siku ya amri kuna miezi, na hapo ndipo watu husahau kujikinga. Mtoto akilazwa, anayetia saini ya matibabu ni mdogo wako. Awe karibu na simu iwe wazi. Ukifa wewe kabla ya amri, je? Sheria ya Urithi inahesabu kuwa mtoto wa mwanamume mtoto yeyote ambaye bwana huyo amemkubali waziwazi kuwa wake, hivyo mume wako ana mlango. Kwa mwanamke haikuweka mlango kama huo. Andika wosia, umtaje mtoto kwa tarehe yake ya kuzaliwa na kwa jina la aliyemzaa, na useme unamwachia nini. Usiandike "mtoto wangu" ukaishia hapo.

Kama pesa za wakili ni shida, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na huduma ya serikali ya msaada wa kisheria ipo pia. Wiki moja kabla ya tarehe, nendeni wote watatu kwa msimamizi wa wodi, mkiwa na barua ya daktari na viapo, mumweleze peupe. Nesi aliyeambiwa mapema haiti maafisa usiku.

Butere usiende wewe. Aende mume wako na mzee mmoja wa upande wenu, na shemeji yako awe kwenye spika ya simu, amwambie mama yake kwa kinywa chake kwamba mimba ile si yake. Waende mwezi huu. Wakichelewa, bibi atafika wodini na blanketi na jina la marehemu babu, na mtoto akishaitwa jina la watu, kumrudisha kwenu kutakuwa kazi nyingine.

Shangazi