Usingizi wa asubuhi ndio ulionimaliza

Swali la wiki: Je, ni sawa kumpeleka mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwenye msiba au harusi ya kukesha?

Mimi ningeanza kusema hapana, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu ya kilichonipata Julai nilipokwenda Makete kumzika shangazi yake baba watoto. Binti yangu alikuwa na miezi 7. Hapa Uyole alishazoea kulala saa moja usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Tulipita Isyonje na Kitulo, na mnaoijua njia ile mwezi wa saba mnajua baridi yake. Tulifika Alhamisi jioni. Tangu hapo mtoto hakuwa wangu, alikuwa wa ukoo. Bibi huyu anambeba, wifi anampokea, na mimi niko jikoni kwa sababu mkwe haketi msibani. Saa mbili nilimwona anafikicha macho na kuvuta sikio, nikamfuata nikamlaze. Wakaniambia, "Mwache, mbona amechangamka?" Kweli, ndani ya nusu saa alikuwa anacheka na kurukaruka mapajani mwa watu. Sikujua kwamba mtoto aliyepitiliza usingizi huchangamka hivyo. Mwili unajihimiza kukesha, na baadaye kumlaza kunakuwa vita. Alilala saa tano akiwa analia.

Kulala nako kulikuwa na hofu yake. Chumba cha akina mama kilikuwa kimefungwa madirisha na katikati kuna jiko la mkaa. Nilimwomba mama mkwe litolewe. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hajui. Mama alilitoa mwenyewe bila kununa, akatuongezea blanketi, na mtoto nikamvalisha sweta mbili na soksi.

Tulizika Jumamosi, Jumapili tukarudi. Hapo ndipo nilipokosea mimi, si msiba. Jumatatu nilimwonea huruma, nikamwacha alale hadi saa tatu asubuhi ili afidie. Mchana akalala tena hadi saa kumi na moja jioni. Usiku akakodoa macho hadi saa sita. Jumanne vilevile, Jumatano vilevile. Kila nilipomfidia asubuhi, nilikuwa nausogeza usiku wake mbele.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Muuguzi aliyempima uzito aliniuliza maswali mawili: anaamka saa ngapi, na ananyonya vipi mchana? Swali la pili lilinigusa. Msibani nilikuwa namnyonyesha kidogo kidogo, watu wanapita, anageuka kuwatazama, anaachia. Shibe ya mchana aliihamishia usiku. Akaniambia nianze na asubuhi, usiku utajifuata wenyewe.

Ijumaa nilimwamsha saa kumi na mbili na nusu, ingawa alikuwa amelala saa sita. Iliniuma. Nikafungua pazia, jua lilipotoka nikakaa naye barazani. Nilimnyonyesha chumbani, mlango umefungwa, hadi ashibe. Usingizi wa mchana alipata mara mbili, na wa mwisho nilimwamsha saa tisa. Alipofikicha macho tu jioni, nikamwogesha maji ya uvuguvugu, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa kitandani, mapema kuliko kawaida yake. Saa nane usiku akaamka anataka mchezo. Nikamnyonyesha gizani, sikuwasha taa wala kusema naye, nikamrudisha. Alilalama karibu saa nzima. Jumamosi ilikuwa nusu saa. Jumapili alinyonya akalala, na kufika Jumanne alikuwa amerudi mahali pake.

Nikiyaandika haya naona ile "hapana" yangu imelegea. Usiku tatu za msiba tulizimaliza kwa siku tano. Nyingine nilizipoteza mwenyewe kwa huruma. Na bibi zake walimwona, mmoja wao hatembei tena kuja Mbeya.

Kwa hiyo mtoto aende, lakini si kila mtoto. Wa wiki chache nisingempitisha Kitulo mwezi wa saba. Mwenye homa, anayehema haraka au anayekataa titi, huyo si suala la ratiba, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Pia lazima pawe na mtu mmoja wa kwenu aliyeambiwa mapema kwamba macho yakifikichwa, mtoto anatoka kwenye kundi, hata kama bibi anamtaka. Desemba tuna harusi Iringa. Nimeshaongea na wifi yangu, ukumbini ataondoka naye saa mbili, na asubuhi yake nitamwamsha saa kumi na mbili na nusu.