Ukuta wa zinki unaoonekana kama plastiki

Swali: Nimechora kwa programu ya Blender jengo lenye ukuta wa zinki ya mikunjo iliyosimama. Rangi ya kijivu ninaiona sawa, lakini picha inafanana na plastiki. Nirekebishe nini? Na je, mipangilio hiyo hiyo inafaa kwa chuma cha kutu na alumini ya anodaizi?

Jibu: Anza na mikunjo kabla ya kugusa rangi. Bati la zinki la ukutani kwa kawaida lina unene wa milimita 0.7, na kila ukanda huonekana kwa upana wa takriban milimita 430, huku mkunjo ukitokeza nje kama milimita 25. Ukuta wa mita 6 utakuwa basi na kanda 14, na fundi mzuri huzigawa sawasawa ili asibaki na ukanda mwembamba pembeni. Mikunjo hiyo iumbwe kabisa, isiigizwe kwa picha ya mabonde na vilima, kwa sababu mkunjo wa kuigiza hautokezi kwenye pembe ya jengo wala hautupi kivuli cha kuaminika jua linapopita sambamba na ukuta. Ukingo wake uuviringe kidogo tu, hata nusu milimita, ili ushike mstari mwembamba wa mwanga.

Jambo la pili ni kwamba bati jembamba halinyooki kabisa. Upe uso wa kila ukanda mawimbi mapana yenye kina cha milimita moja hivi, na ya ukanda mmoja yasiendelee kwenye ukanda wa jirani. Ukiona mwako wa anga ukivuka mikunjo bila kukatika, ujue kanda zako bado ni uso mmoja uliochorwa mistari, na hapo ndipo plastiki inapozaliwa.

Kwa zinki iliyokwisha kufifishwa mng'ao kiwandani, weka Metallic 1 na uanze na Roughness 0.45, kisha uibadilishe kidogo kati ya ukanda na ukanda. Metali huonekana kwa kile inachoakisi, kwa hiyo mandharinyuma ya rangi moja huifanya ionekane kama ukuta uliopakwa rangi. Tumia picha ya anga yenye mawingu na upeo wa macho.

Mipangilio hiyo usiihamishie chuma cha kutu. Kinachoonekana pale ni kutu, si metali, hivyo Metallic iwe 0 na Roughness ikaribie 0.85; uhai wake hutoka katika madoa na michirizi ya maji chini ya viungo. Alumini ya anodaizi ni kinyume chake: tabaka la oksidi lililo juu hupitisha mwanga, metali ikabaki kuonekana, kwa hiyo Metallic ni 1 na Roughness hushuka hadi karibu 0.3. Ikiwa imesuguliwa kwa brashi, tumia Anisotropic na uhakikishe mistari ya paneli zote inaelekea upande mmoja, kwani paneli moja iliyogeuzwa itaonekana nyeusi au nyeupe kuliko wenzake, jambo ambalo kwenye jengo halisi huhesabiwa kuwa kosa la ufungaji.