Tafsiri ikirudi sawa neno kwa neno, shtuka

Juzi dada mmoja wa Nakuru ameniinboksi akifurahi, ati kwestionea aliyotafsiri kwa Kiswahili imerudishwa Kiingereza na mtu mwingine ili kuipima, na imefanana na ile orijino karibu yote. Pole dada, nilicheka, juu hiyo furaha naijua na ilinigharimu.

Niko Kisumu, kazi yangu ni kutafsiri kwestionea za utafiti. Kuna projekti moja tulikuwa na PHQ-9, yale maswali 9 ya depresheni, la pili linauliza kama mtu amekuwa na huzuni au amekosa tumaini, lakini Kiingereza chake kinatumia neno "down", yaani "chini". Mimi nikaandika "kujihisi chini". Mwenzangu akarudisha Kiingereza bila kuona orijino, ikaja vilevile, bosi akaweka tiki nikajiona fundi.

Tukaenda Kondele. Mama mmoja amekalia kigoda anapanga omena, nikamsomea. Akaangalia kigoda, akaniangalia. "Mwanangu, si unaona niko chini?"

Watu 60 walikuwa washajibu. Hilo swali tukalitupa, na lawama ikanibaki mimi peke yangu, hadi leo inaniuma.

Shida ni hii: mwenzangu anajua Kiingereza sana na alishafanya kazi za afya, kwa hivyo aliposoma Kiswahili changu kibovu aliona Kiingereza kilicho chini yake akakiokota tu. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo hurudi vizuri kuliko zote. Brislin mwenyewe, aliyeandika kuhusu njia hii 1970, alishaonya hivyo, sema watu husoma hatua wakaacha onyo.

Sai nafanya hivi. Anayerudisha namtafuta nje ya mambo ya afya, namwambia aandike alichosikia, asinirekebishie, na pahali hajaelewa aandike hajaelewa. Halafu kabla ya kwenda fildi nasomea watu watano sita, sio wasomi, namuuliza kila mmoja: "Mama, hapa nimekuuliza nini? Niambie kwa maneno yako." Usimuulize kama ameelewa, atasema ndio akuheshimu.

Na majibu pia uyapitishe hapo. Kuna mtu alikuwa ameweka "mara kwa mara" kwa lile jibu la siku zinazozidi nusu ya wiki mbili zilizopita, kumbe kuna waliosikia mara mojamoja na wengine kila saa. Tukaandika "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14", kelele zikaisha.

Swali la pili nikaliandika upya: "umekuwa na huzuni, umevunjika moyo, au umeona hakuna tumaini". Liliporudi Kiingereza halikufanana na orijino, "moyo" ukiwa umeingia na "chini" imepotea, bosi akalipiga mstari mwekundu. Yaani lile bovu lilipata tiki! Nikamchezea rekodi za wale akina mama wakilieleza kwa maneno yao, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu hata hakumaliza kuongea bosi akafuta mstari.