Keki ya boga imeiva juu, chini uji

"Wadau naombeni msaada. Nimechemsha boga nikaliponda nikatia kwenye keki, juu imeiva vizuri ila ndani mbichi na chini kuna kama uji. Mara ya pili nikaongeza unga, ikatoka ngumu afu haina ladha ya viungo. Na kiazi kitamu nacho kiko hivyohivyo?"

Pole sana dada, hiyo ishu naijua vizuri. Mimi nipo Mtwara mjini na keki za boga naoka za kuuza, na mwaka wa kwanza niliharibu oda ya keki ya watu waliokuwa wanapokea wageni wa posa, nikaikata kwa nyuma kuangalia nikakuta tabaka la chini limelowa kabisa, ikabidi nioke nyingine usiku uleule.

Shida ni maji. Boga ukilikata vipande ukalichemsha linakunywa maji juu ya yale yake, afu ukiliponda huyaoni ila yamo. Ukiongeza unga ndo unaharibu zaidi, maana sukari, viungo na mafuta vimebaki vilevile ila unga umezidi, lazima ladha ipotee na keki ikaze.

Mimi silichemshi tena. Nachagua boga lililokomaa, kikonyo kimekauka na ukucha hauingii kwenye ganda, nalipasua, natoa mbegu, napika kwa mvuke na ganda lake hadi uma uingie bila kulazimisha, afu nakwangua nyama kwa kijiko nikiponda likiwa bado la moto. Likipoa naweka kwenye kipande cha kanga ya zamani ya pamba iliyofuliwa vizuri, natandika kwenye chujio juu ya bakuli, nafunga na kuliacha kwenye friji usiku kucha. Usiache mezani jamani, kwa joto letu hili asubuhi unakuta limeshachacha. Usilikamue kwa nguvu pia, rojo lenyewe litapenya kwenye kitambaa.

Juzi nilianza na vikombe vitatu vya rojo, asubuhi kwenye bakuli kulikuwa na karibu robo tatu ya kikombe ya maji ya njano. Hayo usimwage, yana utamu wa boga, mimi nayachemsha yapungue hadi yawe mazito naweka kwenye uji wa watoto.

Kama huna muda wa kusubiri usiku, tia rojo kwenye sufuria pana bila mafuta, moto mdogo, koroga na mwiko dakika kumi hadi kumi na tano. Ukiburuta mwiko chini ukaona njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, epua. Halafu pima hivi: chota kijiko kimoja weka kwenye sahani kavu, subiri dakika kumi. Ukiona duara la maji limezunguka lile rojo, bado. Likikaa limesimama na sahani kavu, endelea na keki.

Kwa kikombe kimoja cha rojo lililokauka hivyo natumia unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta nusu kikombe, mayai matatu, beking pauda vijiko vya chai viwili na chumvi nusu kijiko. Ukiokea mkaa, moto mwingi uwe juu, chini makaa machache tu.

Viungo sasa. Boga ni pole, halina harufu kali, kwa hiyo kwa kipimo hicho natia mdalasini kijiko cha chai kimoja na nusu, tangawizi ya unga nusu, kungumanga robo, na karafuu ya kusaga ncha ya kisu tu, maana karafuu inazidi kukolea keki ikilala. Navikorogea kwenye rojo lingali la moto sufuriani dakika moja ile harufu ya ubichi itoke, naonja hapo kabla ya mayai.

Kiazi kitamu sio hivyohivyo. Kile cheupe kikavu hakihitaji kuchujwa kabisa, ukikipika na ganda kinaweza hata kuhitaji vijiko viwili vya tui ili kilainike. Viazi lishe vya rangi ya machungwa ndo vina unyevu, vipime kwa sahani. Kiazi kina utamu wake, punguza sukari hadi nusu kikombe, mdalasini kijiko kimoja, karafuu acha, weka iliki na ganda la chungwa lililokwanguliwa.

Pai ndo haisamehi maji, maana ndani hakuna unga wa kuyanywa. Natumia rojo vikombe viwili, tui zito la kwanza kikombe kimoja, mayai matatu, na viungo nazidisha mara moja na nusu kwa sababu tui linafunika ladha. Gamba naliokea kwanza peke yake dakika kumi na tano na korosho zilizosagwa kidogo chini, zinazuia lisilowe. Toa ikiwa katikati bado inatikisika kidogo, ikipoa inashika yenyewe, ukisubiri ikaze yote humo humo ndani mayai yanaachia maji na juu panapasuka.