Insha ya Kulinganisha Mapinduzi Mawili: Anzia Yanapofanana, Tafuta Yanapoachana

Wiki iliyopita msichana mmoja wa kidato cha sita, ambaye huja kwangu jioni kwa masomo ya ziada hapa Ngamiani, alinitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Ile insha ya Ufaransa na Urusi imerudi, nimepata 17 kwa 20. Darasani nimeulizwa nani amenifundisha kupanga hivi." Nilimwitikia marahaba na kumpongeza, kisha nikabaki barazani na simu mkononi hadi adhana ya isha, kwa sababu swali lilelile, la kulinganisha mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na ya Urusi ya 1917, ndilo lililoniaibisha mimi nilipokuwa na umri wake.

Mwaka ule niliandika kurasa tano. Kurasa nne zilikuwa za Ufaransa, kwa kuwa niliipenda na niliijua, na ukurasa wa tano ulikuwa wa Urusi, nikiukimbiza mwandiko kabla ya kengele kulia. Mwalimu wangu aliisoma insha hiyo kwa sauti mbele ya darasa zima, akasimama mwishoni mwa kila aya na kuuliza, "Hapa amelinganisha nini?" Wenzangu walicheka. Sikusahau kicheko kile, na nakiri kwamba bado kinaniuma, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa nimeandika insha mbili na kuzibandika pamoja kwa neno "vilevile".

Njia ninayofundisha leo niliipata nilipoacha kuanza na sababu za mapinduzi. Ukianza na sababu, utaandika kwamba wananchi walikandamizwa, kwamba kodi zilikuwa nzito na kwamba mfalme hakuwasikiliza watu. Chukua sentensi kama hizo, ubadilishe jina la nchi, kisha uone kama bado ni kweli. Ikiwa bado ni kweli, basi hujalinganisha kitu. Mimi huanza na tukio moja dogo lililotokea kwa namna inayokaribiana katika nchi zote mbili, halafu nauliza kwa nini matokeo yake hayakuwa sawa. Swali hilo moja ndilo linalobeba insha nzima.

Kwa Ufaransa na Urusi tukio hilo ni mkate, na walioudai ni wanawake. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris, wengi wao wakitoka masokoni, walitembea kwenye mvua hadi Versailles kwenye kasri la Mfalme Louis wa 16. Ni safari ya kilomita 20 hivi, kama mtu kutoka mjini Tanga akaipita nusu ya njia ya kwenda Muheza kwa miguu. Siku iliyofuata walirudi Paris na mfalme, malkia na mtoto wao, huku wakiimba kwamba wanamleta mwokaji mikate, mke wake na mwanawe. Tarehe 8 Machi 1917, Siku ya Wanawake, wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, waliacha mashine zao na kuingia barabarani wakidai mkate. Siku saba baadaye, tarehe 15 Machi, mfalme wa Urusi, Tsar Nikolai wa Pili, aliachia kiti cha enzi.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Madai ni yaleyale na waliotangulia kuyatoa ni wanawake pande zote mbili, lakini Louis aliletwa mjini akiwa bado mfalme na akakaa kwenye kiti hicho karibu miaka mitatu zaidi, ilhali Nikolai aliondoka ndani ya wiki moja. Kwa nini? Mwanafunzi akishaliandika swali hilo juu ya karatasi, kila anachokijua kuhusu Ufaransa na Urusi kinapata kazi ya kufanya au kinaachwa nje. Habari ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille ninaipenda sana, lakini katika insha hii haina nafasi zaidi ya nusu sentensi.

Chini ya swali chora jedwali la safu mbili, moja ya Ufaransa na nyingine ya Urusi, lenye mistari mitatu tu. Kila mstari ni kigezo, yaani swali dogo unaloziuliza nchi zote mbili kwa maneno yaleyale. Vyangu kwa mada hii ni hivi: mkate ulikosekana kwa sababu gani, askari walifanya nini, na je, palikuwa na mlango wa mfalme kupatana na waliomdai. Najua mtihani wenyewe mnaufanya kwa Kiingereza. Hata hivyo, jedwali lijazeni kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu anayenakili sentensi za kitabu kwa lugha ya kitabu hawezi kutambua kama ameelewa au amekariri.

Tujaze mstari wa kwanza. Ufaransa ilikuwa imepata mavuno mabaya mwaka 1788, na hazina ya mfalme ilikuwa imeelemewa na madeni ya vita vilivyopita, pamoja na gharama za kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Nafaka yenyewe ilikuwa haba na ghali, lakini nchi haikuwa vitani. Urusi ya 1917 ilikuwa na nafaka huko mikoani. Tatizo ni kwamba reli zilikuwa zimechoshwa na vita vya tangu 1914, na baridi kali ikaongeza mkwamo, kwa hiyo chakula hakikuifikia Petrograd ipasavyo. Neno "mkate" lilikuwa moja, lakini huko Urusi mtu aliyedai mkate alikuwa, atake asitake, anadai pia kujua vita vitakwisha lini. Ndiyo maana siku chache tu baadaye kelele za mkate zilichanganyika na kelele za kupinga vita na utawala wa Tsar.

Mstari wa pili ndio wenye utajiri mkubwa zaidi, na wanafunzi wengi huuruka. Huko Versailles Walinzi wa Taifa, askari wa kiraia wa Paris, wakiongozwa na Jenerali Lafayette waliwafuata wanawake, na wengi wa walinzi hao waliunga mkono kuletwa kwa mfalme Paris. Silaha zilikuwa upande wa madai, ila madai yenyewe hayakuwa ya kumwondoa mfalme. Petrograd mambo yalikwenda vingine. Tarehe 11 Machi askari walifyatua risasi na kuua watu kwa makumi. Asubuhi ya pili kikosi cha jeshi la Volinski, ambacho jana yake kilikuwa kimetumwa dhidi ya umati, kilikataa kutoka tena, kikamuua kamanda wake na kwenda kuwashawishi wenzao kambini. Wengi wa askari wa mji ule walikuwa wapya, wakisubiri zamu yao ya kupelekwa vitani. Tsar mwenyewe alikuwa mbali, kwenye makao ya jeshi huko Mogilev, akiamuru kwa simu ya maandishi kwamba fujo zikomeshwe. Alipojaribu kurudi, treni yake haikufika. Aliishia Pskov, na hapo majenerali wake wenyewe walimshauri ajiuzulu.

Mstari wa tatu unajazwa haraka. Louis alikuwa na Bunge la Taifa palepale Versailles, lenye wabunge wengi waliotaka mfalme anayefungwa na katiba, na jioni ile ya Oktoba aliweza kuzikubali sheria alizokuwa amezikalia tangu Agosti. Nikolai aliamuru Duma, yaani bunge la Urusi, isimamishe vikao wakati maelfu wako barabarani, hivyo akaufunga kwa mkono wake mlango ambao angeweza kuupitia.

Sasa uandishi. Insha ya maneno 500 igawe hivi: utangulizi maneno 70, aya tatu za maneno 120 kila moja, na hitimisho maneno 70. Kila aya ni kigezo kimoja, na nchi zote mbili zinakaa ndani yake. Sentensi ya kwanza ya aya itaje tofauti, si nchi. Usiandike "Ufaransa askari walikuwa hivi". Andika hivi: "Askari waliacha kumlinda mtawala katika nchi zote mbili, lakini wale wa Paris walimlazimisha mfalme ahame, ilhali wale wa Petrograd walimwachia Tsar kiti kisicho na mlinzi." Baada ya hapo leta ushahidi wa kila upande, mmoja au miwili, kisha funga aya kwa kueleza tofauti hiyo ilitoka wapi.

Ukimaliza, chukua kalamu nyekundu na ya buluu. Pigia mstari mwekundu kila kinachohusu Ufaransa, na wa buluu kila kinachohusu Urusi. Mizani inaonekana kwa macho bila kuhesabu maneno. Ukiona ukurasa una nusu nyekundu juu na nusu buluu chini, hizo ni insha mbili, kama nilivyofanya mimi. Ukiona rangi moja imetawala, punguza unachokipenda. Usijaze maneno matupu kwa unachokijua kidogo.

Kuna makosa mawili ambayo jedwali halitakuokoa nayo. La kwanza ni kalenda. Urusi wakati ule ilitumia kalenda iliyokuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo 8 Machi yetu kwao ilikuwa 23 Februari, na ndiyo sababu mapinduzi hayo yanaitwa ya Februari. Chagua kalenda moja, useme umeichagua, na usichanganye. La pili ni kipimo cha muda. Wapo wanaochukua Ufaransa ya miaka mitano na kuilinganisha na Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 peke yake, siku Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipochukua madaraka. Anza na uishie mahali panapofanana. Katika insha hii ni kutoka madai ya mkate hadi mtawala kuondoka.

Hitimisho ndilo lililompa msichana wangu shida. Aligundua jambo zuri: Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria tarehe 20 Aprili 1792, na tarehe 10 Agosti mwaka huohuo kasri la mfalme mjini Paris lilivamiwa na utawala wake ukaanguka. Yaani Louis naye aliondoka mara vita vilipoingia. Akaandika, "Vita ndivyo vilivyowaangusha wafalme wote wawili." Nilimuuliza, "Mwanangu, na Juni 1791?" Alinyamaza. Mwezi huo Louis alijaribu kutoroka na familia yake, akakamatwa Varennes, na wengi wakaacha kumwamini kabla risasi moja ya vita haijapigwa. Nchi mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni. Zinatosha kuonyesha ni sababu ipi ina uzito zaidi kwa swali uliloliuliza.

Alirudi na karatasi siku ya pili, akiwa amefuta sentensi ile kwa kalamu na kuandika juu yake: "Mkate uliwatoa watu nje katika nchi zote mbili, lakini mfalme wa Ufaransa alianguka pale vita vilipowakuta watu ambao walikwisha kupoteza imani naye, wakati Tsar alikutwa na vita, njaa na kupotea kwa imani kwa pamoja katika wiki moja."