Nilivyotoka katika udhamini wa mkopo wa mwenzangu, na kile SACCOS ilichotaka kukiona kwanza

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Mbeya, mwalimu, ambaye amemdhamini shemeji yake katika SACCOS ya watumishi. Shemeji huyo amepewa barua ya kusitishiwa ajira, na mwisho wa mwezi ujao atapokea mshahara wake wa mwisho. Aliniuliza: "Kaka, nikiandika barua ya kujitoa sasa hivi, kabla mambo hayajaharibika, watanikubalia?" Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa, kwa sababu swali hilo ndilo nililokuwa nalo mimi miaka miwili iliyopita, na barua aliyokusudia kuiandika ndiyo niliyoiandika nikakataliwa.

Mwenzangu wa ofisini, ambaye tulikaa meza jirani kwa miaka sita, alikopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 48. Akiba zake ndani ya chama zilikuwa 4,000,000, na kwa kuwa chama chetu kinakopesha mara tatu ya akiba, zilizobaki 8,000,000 zilihitaji wadhamini. Tulisaini wawili, kila mmoja 4,000,000, na kuanzia siku ile sehemu hiyo ya akiba zangu ikafungwa. Kila mwezi alikatwa kwenye mshahara 250,000 za mkopo wenyewe pamoja na riba, nami nikasahau kwamba nimemdhamini mtu. Alipomaliza rejesho la 16 mkataba wake wa kazi ulikwisha na haukuhuishwa. Habari hizo nilizipata kwa mtu mwingine, jambo ambalo liliniuma na bado linaniuma.

Nilisubiri. Niliona ni aibu kumwandama mtu aliyepoteza kazi. Mwezi wa kwanza bila makato ukapita, wa pili ukapita, na ujumbe wa chama ukaingia kwenye simu yangu kwamba mkopo niliodhamini una malimbikizo. Ndipo nilipoandika barua ndefu nikieleza kwamba hali ya mkopaji imebadilika, hana mshahara tena, hana uhakika wa kipato, na kwa hiyo ninaomba kuondolewa udhamini. Kamati ya mikopo ilijibu kwa mistari mitatu kwamba ombi halikukubaliwa.

Nilikasirika sana, lakini leo ninaelewa kwamba barua yangu ilikuwa imejikataa yenyewe. Kila sababu niliyoitaja ilikuwa sababu ya chama kunishikilia zaidi, kwa kuwa mdhamini huwekwa kwa ajili ya siku ambayo mkopaji atashindwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mdhamini kufuta kwa taarifa ule udhamini unaoendelea, yaani unaofunika miamala mingi itakayokuja, lakini hata hapo anajitoa kwa miamala ya mbele tu. Mkopo mmoja uliokwisha kutolewa hauna miamala ya mbele ya kufutiwa. Fedha zilitoka kwa sababu ya saini yako, na anayeweza kukuachilia ni mkopeshaji mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya kuwekewa kitu kingine mahali pako.

Afisa mikopo wetu, mama mmoja mtulivu, alinikalisha akaniambia maneno ambayo ningependa kila mdhamini ayasikie: "Baba, usituambie kwa nini unataka kuondoka. Tuambie nani au nini kinabaki." Kisha akachapisha taarifa ya mkopo, nami nikagundua kosa langu la pili, kwamba nilikuwa napigania kiasi nisichokijua. Salio la mkopo lilikuwa 8,000,000. Akiba za mwenzangu zilikuwa bado 4,000,000. Ikiwa chama kingezifuta dhidi ya deni, kingebaki na 4,000,000 za kufidiwa na wadhamini wawili, maana yake mzigo wangu ulikuwa 2,000,000, nusu ya kile nilichosaini. Kumtafuta mtu wa kubeba milioni mbili ni kazi tofauti kabisa na kumtafuta wa kubeba nne. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaandika neno lolote omba taarifa ya mkopo iliyo rasmi, yenye salio, malimbikizo, akiba za mkopaji na jina la kila mdhamini pamoja na kiasi chake.

Jambo la kwanza walilotaka ni mkopo uwe safi. Hakuna kamati inayobadilisha mdhamini katikati ya malimbikizo, kwa sababu mdhamini mpya angekuwa anaingia kwenye deni lililokwisha kuugua. Akiba za mwenzangu zikafutwa dhidi ya mkopo kwa ridhaa yake ya maandishi, uanachama wake ukakoma ingawa deni lilibaki, naye akalipa riba ya ile miezi miwili kwa simu. Kisha wakataka kuona kipato chake kipya kinavyolipa. Alikuwa ameanza kuuza vipuri vya pikipiki, na kamati ikasema alipe marejesho matatu mfululizo, kwa tarehe yake, kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe, ndipo walisikilize ombi. Miezi hiyo mitatu nilikuwa nampigia simu kila tarehe 25. Mara nyingine hakupokea. Nilijifunza kumtumia ujumbe mfupi wa adabu badala ya kulalamika, na alilipa yote matatu, salio likashuka hadi 3,250,000, na sehemu yangu ikawa 1,625,000.

Hapo ndipo mdhamini wa kuchukua nafasi yangu alipopatikana: dada yake, ambaye naye ni mwanachama. Akiba zake zilikuwa 3,200,000, na mwenzangu aliniambia kwa furaha kwamba zinatosha mara mbili. Hazikutosha. Chama hakiangalii akiba alizonazo mtu bali zile zisizofungwa, na dada huyo alikuwa amekwisha kufunga 1,800,000 kwa mkopo wa mtu mwingine, akabakiwa na 1,400,000. Tulipungukiwa 225,000. Nikasema nitamsaidia kaka yake kuilipa tumalize, lakini yule mama akanionyesha kwamba hesabu yangu haikuwa sahihi: fedha ikilipwa inapunguza mkopo wote, na punguzo hugawanywa kwa wadhamini wote wawili, kwa hiyo ili sehemu yangu ishuke kwa 225,000 ilibidi zilipwe 450,000. Mwenzangu aliuza jokofu akazilipa. Salio likawa 2,800,000 na sehemu yangu 1,400,000 kamili, sawa na uwezo wa dada yake.

Ombi la safari hii halikuwa langu peke yangu, na hilo ndilo lililoibadilisha kamati. Fomu ya kubadilisha mdhamini ilianza na maombi ya mkopaji, ikafuata saini ya dada yake akikubali kiasi kilichotajwa kwa tarakimu na kwa maneno, kisha saini yangu, na mwisho ridhaa ya mdhamini mwenzangu. Huyu wa mwisho watu humsahau. Yeye alikubali kudhamini akijua yuko pamoja na mimi, na mkopeshaji makini hataki siku moja asimame kwenye shauri akisema alibadilishiwa mwenzake bila kuulizwa. Nilimfuata nyumbani kwake na taarifa ya mkopo mkononi, nikamwonyesha kwamba sehemu yake haiongezeki hata shilingi moja, akasaini. Barua yangu mara hii ilikuwa na aya moja:

"Ninaomba kuachiliwa udhamini wa shilingi 1,400,000 katika mkopo uliotajwa hapo juu, kuanzia tarehe ambayo kamati itamwidhinisha mdhamini mpya kwa kiasi hicho hicho. Mkopo hauna malimbikizo. Nimeambatanisha taarifa ya mkopo, fomu ya mdhamini mpya na ridhaa ya mdhamini aliyebaki."

Tazameni kwamba niliomba kutoka siku mdhamini mpya anapoingia, si kabla. Mkopeshaji hatakubali hata siku moja ya pengo, na usipoyaandika maneno hayo, atakudhania unalitafuta.

Si kila mtu atapata ndugu mwenye akiba. Mkopaji anaweza kuleta mali badala ya mtu, lakini hapo gharama ya uthamini inaongezeka, na ikiwa ni nyumba ya familia, ridhaa ya mume au mke wake lazima iwepo. Sikuipita njia hiyo, kwa hiyo sitaiongelea zaidi.

Kuna mtego mmoja ambao nusura uninase. Katikati ya ile miezi mitatu, mwenzangu aliletewa karatasi ya kupanga upya mkopo, rejesho lipungue na muda urefuke, na nikatakiwa kusaini "kama utaratibu tu". Msisaini karatasi ya namna hiyo bila kuisoma. Kanuni ya sheria ni kwamba masharti yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, anaachiliwa kwa yanayotokea baada ya mabadiliko hayo, isipokuwa fomu yake ya awali iwe ilikwisha kumfunga kwa kukubali mabadiliko tangu mwanzo, na fomu nyingi humfunga hivyo. Ukisaini, umeridhia kubaki muda mrefu zaidi. Ikiwa chama kinampa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, hilo kwako ni mlango wa kutokea: udhamini wa deni lililolipwa unakwisha, nawe huna wajibu wa kuingia kwenye jipya. Mimi nilikataa kusaini, kwa maandishi, na mwenzangu hakunisemesha kwa wiki mbili. Sijutii. Mdhamini anayeogopa kununiwa hulipa deni la mtu.

Kamati iliidhinisha mwishoni mwa mwezi. Nilipigiwa simu, nikapongezwa, na ningeweza kuishia hapo, lakini niliomba barua ya kuachiliwa inayotaja namba ya mkopo, kiasi na tarehe ya kikao, kisha baada ya siku kumi nikaomba taarifa ya akiba zangu. Safu ya akiba zilizofungwa bado ilionyesha 1,400,000. Kikao kilikuwa kimeamua lakini hakuna aliyegusa mfumo, na kama mkopo ungelala mwezi uliofuata, ningekatwa mimi. Nilirudi na barua, wakarekebisha nikiwa nimekaa pale pale, na nikaondoka na taarifa mpya yenye sifuri.

Sasa dada yangu wa Mbeya, wewe una kitu ambacho mimi nilikipoteza kwa kusubiri. Shemeji yako bado ana mshahara mmoja na malipo ya mwisho yanayopitia kwa mwajiri, na mwenzangu alipokea yake akayamaliza kabla sijaandika chochote. Kaa naye jioni hii, si kwa ugomvi, mwende pamoja kwenye chama wiki hii na kuomba vitu viwili: taarifa ya mkopo, na idhini yake ya maandishi kwamba sehemu ya malipo hayo ikatwe moja kwa moja kwenda kwenye deni. Kiasi kitakachobaki baada ya makato hayo na akiba zake, ukigawanya kwa wadhamini mliopo, ndicho cha kumtafutia mtu mwingine. Nitumie salio, makato hayo, akiba zake na idadi ya wadhamini ukivipata, tukokotoe pamoja kabla hujaiandika barua.